Barabara ya shamba kwenye mteremko na kijito: r.cost, r.walk au grafu yenye kikomo cha mpando?

Anayetafuta njia nafuu ya barabara ya shamba kwa kutumia tabaka za mteremko na vijito kwa kawaida hufuata mkondo mmoja. Anatengeneza rasta ya mteremko, anaigeuza kuwa rasta ya gharama, anaongeza adhabu kwenye seli za kijito, kisha anaiambia programu itafute njia. Mstari unatoka na kwenye skrini unapendeza. Greda ikifika shambani ndipo inapogundulika kwamba mstari huo unapanda kilima moja kwa moja kwa asilimia 24, na hakuna lori lenye mzigo litakalopanda hapo mvua ikinyesha.

Chanzo ni kuchanganya vitu viwili tofauti. Kuna mteremko wa ardhi, yaani jinsi ardhi ilivyoinama, na kuna mpando wa barabara, yaani jinsi gari linavyopanda likifuata barabara. Kwenye ardhi ya asilimia 24 unaweza kujenga barabara isiyo na mpando hata kidogo ukifuata kontua. Ukikata kontua kwa pembe ya nyuzi 30, mpando unakuwa asilimia 12. Ukipanda moja kwa moja, unaubeba wote 24. Rasta ya mteremko inatoa namba ileile, 24, kwa njia zote tatu.

Nitalinganisha njia tatu kwa swali hilo moja: je, inajua gari linaelekea wapi? Ya kwanza ni `r.cost` ya programu ya ramani ya GRASS juu ya rasta ya gharama. Ya pili ni `r.walk`, ambayo watu huikimbilia wakisikia kwamba inajali mwelekeo. Ya tatu ni grafu unayoiandika mwenyewe kwa Python, yenye kikomo cha mpando. Kosa la mpando halikai peke yake. Linahamisha hata mahali pa kuweka kalvati, na hilo ndilo nitakalolionyesha kwa hesabu.

Kilima cha mfano

Nimechagua ardhi rahisi kiasi cha kukaguliwa kwa kalamu na karatasi. Barabara inaanzia kwenye njia kuu. Kutoka hapo ardhi inashuka kwa asilimia 10 kwa mita 120 hadi kijito, yaani inashuka mita 12. Ng'ambo ya kijito ardhi inapanda kwa asilimia 24 kwa mita 400, jumla mita 96, hadi ghala. Ghala liko mkabala kabisa na mwanzo wa barabara. Kijito kinapita katikati karibu bila kuinama. Seli za rasta ni za mita 10.

Kikomo cha mpando ni asilimia 12. Kabla ya kufungua programu yoyote, gawanya mita 96 kwa 0.12: unapata 800. Barabara ng'ambo ya kijito haiwezi kuwa fupi kuliko mita 800, hata ipindwe vipi. Hesabu hiyo moja inatosha kukataa matokeo mengi, na inashangaza jinsi inavyosahaulika.

Kijito chenyewe si sawa kila mahali. Mkabala na mwanzo, eneo linalomwaga maji ndani yake ni hekta 130. Mita 200 juu ya hapo kijito kidogo kinaingia kutoka upande wa ng'ambo, na juu zaidi ya makutano hayo linabaki eneo la hekta 70 tu. Kijito hicho kidogo ni kifupi na hakifiki kwenye mteremko tunaoupanda, kwa hiyo tukivuka juu ya makutano hatutavuka tena.

Gharama zote nitazipima kwa mita za barabara ya kawaida kwenye tambarare. Hilo linaondoa mabishano ya bei, na kila jibu linaweza kuulizwa kwa lugha nyepesi: je, kivuko hiki kweli ni sawa na kujenga mita 300 zaidi? Nimeweka kivuko cha eneo la zaidi ya hekta 100 kuwa mita 300, na cha hekta 5 hadi 100 kuwa mita 120. Namba hizi ni za kuanzia mazungumzo na fundi atakayejenga. Zikibadilika, unaendesha hesabu upya.

Udongo wa kuchimba nao una gharama yake. Chukua barabara ya upana wa mita 4, nusu yake imechimbwa na nusu imejazwa, na ukingo wa juu umekatwa kwa mteremko wa 1 kwa 1. Kama `s` ni mteremko wa ardhi kwa desimali, udongo unaochimbwa kwa kila mita ya barabara ni `2s/(1-s)` mita za ujazo. Kwenye asilimia 20 ni nusu mita ya ujazo, kwenye asilimia 40 ni 1.33, na kwenye 60 ni 3. Kwa kukadiria kwamba mita moja ya ujazo ni sawa na nusu mita ya barabara, gharama ya kila mita inarahisika na kuwa `1/(1-s)`. Kwenye upande wa asilimia 10 ni 1.11, kwenye upande wa 24 ni 1.32.

Fomula hiyo ina mwisho wake. Tuta la udongo uliojazwa kwa mteremko wa 1 kwa 1.5 limeinama asilimia 67, kwa hiyo ardhi ikikaribia hapo udongo haupati pa kushika, unateleza tu. Inabidi upana wote uchimbwe ndani ya kilima, na kwenye asilimia 60 ujazo unaruka kutoka 3 hadi 12 kwa kila mita. Ndiyo sababu ninafunga kabisa seli zenye zaidi ya asilimia 60 badala ya kuzipa namba kubwa.

Ya kwanza: r.cost

Hizi ndizo amri, kwa kudhani rasta ya mwinuko inaitwa `dem`:

```
g.region raster=dem
r.slope.aspect elevation=dem slope=mteremko format=percent
r.watershed elevation=dem threshold=500 accumulation=maji stream=vijito
r.mapcalc "ada = if(isnull(vijito), null(), if(maji > 10000, 100, 40))"
r.grow input=ada output=ada_pana radius=1.01
r.mapcalc "ardhi = if(mteremko > 60, null(), 10.0 / (1.0 - mteremko / 100.0))"
r.mapcalc "gharama = ardhi + if(isnull(ada_pana), 0, ada_pana)"
```

Kwa seli za mita 10, seli 500 ni hekta 5, na seli 10000 ni hekta 100. Zingatia 10.0 iliyo mbele ya `ardhi`: `r.cost` huhesabu gharama kwa seli, si kwa mita, kwa hiyo lazima uizidishe mwenyewe kwa ukubwa wa seli. Usipofanya hivyo ada ya kijito inakuwa kubwa mara 10 kuliko ulivyokusudia, na njia itazunguka kijito chote kwa hofu. Kagua pia `maji` kama ina namba hasi. Hiyo ni dalili kwamba maji yanaingia kutoka nje ya eneo ulilolikata, hivyo ukubwa wa kijito unaouona ni wa uongo. Kata eneo kubwa zaidi.

Kisha:

```
r.cost input=gharama output=jumla outdir=mwelekeo start_coordinates=E,N
r.path input=mwelekeo start_coordinates=E2,N2 vector_path=njia
```

Weka nukta zako mahali pa `E,N` na `E2,N2`. `r.path` huanzia kwenye ghala na kurudi nyuma hadi mwanzo wa barabara.

Kwa nini nilipanua vijito kwa `r.grow`? Kijito kinachotoka kwenye `r.watershed` ni mstari wa upana wa seli moja, na pale kinapokwenda kwa mshazari seli zake zinagusana kwa pembe tu. Njia nayo inaruhusiwa kwenda kwa mshazari. Kwa hiyo inapenya kati ya pembe mbili na kuvuka bila kulipa chochote. Dalili yake utaiona ukikuza picha: njia inakata kijito mahali ambapo hakuna seli hata moja ya kijito iliyoguswa. Kupanua kunaziba tundu hilo, lakini sasa kijito kina upana wa seli 3, ndiyo maana ada ya 300 imegawanywa kuwa 100 kwa seli. Hata hivyo tiba hii haijakamilika. Pale kijito kinapokwenda kwa mshazari, njia inaweza kukikata kwa kugusa seli moja tu na kulipa 141 badala ya 300. Ada inategemea kijito kimelala vipi kwenye gridi, jambo lisilohusiana kabisa na ujenzi.

Matokeo kwenye kilima chetu yanatabirika. Kila upande wa kijito una gharama ileile kila mahali na kwa kila mwelekeo, kwa hiyo njia nafuu ni iliyonyooka. Ukivuka mkabala, mita 120 kwa 1.11 ni 133, kivuko ni 300, na mita 400 kwa 1.32 ni 526. Jumla 959. Ukienda mita 200 juu na kuvuka kwa ada ya 120, upande wa kwanza unakuwa mita 233 na wa pili mita 447 za mshazari, jumla 967. `r.cost` inachagua kuvuka mkabala, kwa tofauti ya mita 8 hivi kwa umbali wa mstari ulionyooka, na kubwa zaidi kwa hatua zake za gridi, kisha inapanda kilima kwa asilimia 24. Njia yake ng'ambo ni mita 400. Sisi tunajua tayari kwamba chini ya 800 haiwezekani.

Wengi wakiona hivyo huongeza adhabu ya mteremko. Haisaidii. Ukiipandisha kutoka 1.32 hadi 5, kila mita ya upande ule inakuwa ghali zaidi, na njia inakuwa na sababu kubwa zaidi ya kuumaliza haraka, yaani kunyooka. Adhabu ya mteremko inaifukuza njia kutoka ardhi kali kwenda ardhi laini kama ardhi laini ipo. Haiwezi kuifundisha kupanda kwa kuzungusha.

Ya pili: r.walk

`r.walk` inasoma mwinuko wa seli unayotoka na wa seli unayoingia, hivyo inajua unapanda au unashuka. Msingi wake ni kanuni ya Naismith ya mwaka 1892 kuhusu muda wa kutembea milimani, iliyoboreshwa na Langmuir. Kwa thamani zake za kawaida, kila mita ya umbali inachukua sekunde 0.72 na kila mita ya kupanda inaongeza sekunde 6.

Watu wengi husoma hapo na kuamini wamepata dawa ya barabara. Mimi nasema hapana, na sababu iko ndani ya fomula yenyewe. Gharama ya kupanda inahesabiwa kwa mita za kupanda, na mita za kupanda hazipungui ukizungusha. Kutoka kijitoni hadi ghalani ni mita 96 kwa njia yoyote isiyoshuka katikati, kwa hiyo ni sekunde 576 kwa wote. Anayepanda moja kwa moja mita 400 anaongeza 288, jumla 864. Anayezungusha mita 800 anaongeza 576, jumla 1152. Njia iliyonyooka inashinda tena, na itashinda hata ukizidisha ile 6 mara kumi, kwa sababu nyongeza hiyo inawaangukia wote sawasawa.

Ili njia ipinde, lazima gharama iongezeke kwa kasi kuliko mpando wenyewe, au kuwe na ukuta ambao mpando hauruhusiwi kuuvuka. Mtembea kwa miguu hana ukuta huo. Anaweza kupanda asilimia 24, na hata 40, akihema. Lori halina uchaguzi huo. `r.walk` ni chombo kizuri kwa swali lake: mtu atafika ghalani kwa dakika ngapi. Kwa barabara ya gari ninaiweka kando.

Ya tatu: grafu yenye kikomo cha mpando

Hapa kila seli ni nukta, na kila hatua kutoka nukta hadi nukta ina gharama yake. Utafutaji wenyewe ni ule wa Dijkstra wa mwaka 1959, ambao maktaba za Python zinao tayari. Kazi yako ni kuandika gharama ya hatua:

```python
def gharama(a, b):
    urefu = 10 * math.hypot(b[0]-a[0], b[1]-a[1])
    mpando = abs(z[b] - z[a]) / urefu
    if mpando > 0.12:
        return math.inf
    g = urefu / (1 - mteremko[b])
    if mstari(a, b).intersects(kijito):
        g += ada(a, b)
    return g
```

`z` ni mwinuko na `mteremko` ni wa ardhi, kwa desimali. Seli zinazozidi 0.6 umeshaziondoa. Mpando unahesabiwa kwa hatua, kwa mwelekeo gari linakokwenda. Mteremko wa ardhi bado upo, lakini umerudi kwenye kazi yake halali, ambayo ni kukadiria udongo wa kuchimba.

Kijito nacho kimebadilika. Hakipo tena kwenye rasta. Ni mstari, na swali ni kama hatua inaukata. Ukiukata unalipa ada mara moja, iwe umeukata wima au kwa mshazari. Matundu ya pembe yameisha. Nukta zinazolala juu ya kijito chenyewe naziondoa, na naruhusu hatua ya seli mbili ili kuruka kutoka ukingo hadi ukingo. Hii inafanana na ujenzi wenyewe: juu ya kalvati barabara hupita ukingo kwa ukingo, haishuki hadi kwenye maji. Kama unapanga drifti, ambapo gari linapita ndani ya mkondo, basi usiondoe nukta hizo, maana hapo mpando wa kushuka na kupanda unahusika.

Kuna mambo mawili yatakayokwamisha jaribio la kwanza la karibu kila mtu.

La kwanza ni uchache wa mielekeo. Ukitumia majirani 8 wa kawaida kwenye ardhi ya asilimia 24, una chaguo tatu tu: kufuata kontua kwa mpando sifuri, kwenda mshazari kwa asilimia 17, au wima kwa 24. Kikomo kikiwa 12, mbili zinakataliwa na iliyobaki haipandi. Programu inajibu kwamba hakuna njia, na mtu anaanza kulegeza kikomo. Usilegeze. Ongeza hatua za farasi wa sataranji, seli 2 kwa 1, zinazokata kontua kwa nyuzi 26.6. Mpando unakuwa asilimia 10.7 na njia inafunguka. Inatoka mita 894 badala ya 800 kamili, kwa sababu gridi haina pembe ya nyuzi 30 hasa. Kwenye ardhi ya asilimia 40 hatua ya farasi nayo inakwama, inatoa 17.9, ya 3 kwa 1 inatoa 12.6, inakosa kwa unywele. Inabidi ufike 4 kwa 1, inayotoa 9.7. Kadiri kilima kinavyokuwa kikali ndivyo hatua zinavyotakiwa kuwa ndefu. Hatua ndefu nazo zikague njiani, isije ikaruka korongo lililo katikati.

La pili ni zigizaga. Kwa hesabu tuliyoandika, kupanda mita 96 kwa misafara miwili mirefu yenye kona moja kuna gharama sawa kabisa na kupanda kwa vipande 40 vya mita 20, kila kimoja na kona yake. Urefu ni uleule na mpando ni uleule, hivyo kompyuta haina sababu ya kupendelea mmoja. Itakupa mstari kama meno ya msumeno. Kona ya kurudi nyuma inahitaji sehemu pana iliyosawazishwa, na kwenye kilima hiyo ni kuchimba kwingi. Lazima ilipiwe. Tatizo ni kwamba nukta yenyewe haijui gari limetoka wapi, kwa hiyo nukta inabidi ibebe mwelekeo pia: si seli tu, bali seli pamoja na upande ulioingilia. Kilomita moja ya mraba yenye seli za mita 10 ni seli 10,000. Kwa mielekeo 16 ni hali 160,000, mzigo ambao kompyuta ndogo inaumudu. Kona ya kurudi nyuma nimeipa mita 100.

Sasa rudi kwenye hesabu ya kivuko. Ukivuka mkabala: 133 za upande wa kwanza, 300 za kivuko, mita 800 kwa 1.32 ambazo ni 1053, na kona moja 100. Jumla 1586. Ukivuka mita 200 juu: 259 za upande wa kwanza, 120 za kivuko, na ng'ambo ni zilezile 1053 na 100. Jumla 1532. Grafu inachagua kuvuka juu, na inaokoa 54.

Tazama kilichotokea ng'ambo. Kwa `r.cost`, kwenda mita 200 pembeni kulikuwa hasara, maana ilibidi zirudishwe kwa mshazari. Kwa barabara halisi hizo mita 200 hazina gharama ng'ambo, kwa sababu barabara ya mita 800 kwa nyuzi 30 inalazimika kwenda pembeni jumla ya mita 693 hata hivyo. Inabadilika tu kona iwekwe wapi. Kwa kutojua mpando, `r.cost` haikukosea kilima peke yake. Iliweka kalvati kubwa mahali ambapo ndogo ya mita 200 juu ingetosha.

| | r.cost | r.walk | Grafu |
|---|---|---|---|
| Urefu ng'ambo | m 400 | m 400 | m 800 (894 kwa hatua za farasi) |
| Mpando mkubwa | 24% | 24% | 12% |
| Kivuko | mkabala | haipangi kwa gharama ya ujenzi | m 200 juu |
| Kona ya kurudi nyuma | haioni | haioni | inailipia |

Grafu inapokosea

Ubora wa grafu unasimama juu ya rasta ya mwinuko, na hapo ndipo ilipo dhaifu kuliko `r.cost`. Kwenye seli za mita 10, kosa la mita moja kati ya seli mbili jirani linazaa mpando wa uongo wa asilimia 10. Kikomo chako ni 12. Kelele ndogo tu inatosha kufunga njia nzuri au kufungua mbaya. Kwenye seli za mita 30 kosa lilelile ni asilimia 3.3, kwa hiyo rasta yenye seli ndogo si lazima iwe bora kwa kazi hii. Lainisha kwanza kwa `r.neighbors` ya wastani, `size=5`, halafu njia ikishatoka pima mpando wake kwa vipande vya mita 50 juu ya rasta ambayo haijalainishwa.

Rasta za dunia nzima kama SRTM na Copernicus GLO-30 zina jambo jingine: zinapima juu ya miti au karibu na juu yake, si ardhi iliyo chini. Ukanda wa miti ya mita 15 kandokando ya kijito unaweza kuonekana kama ukuta wa hadi asilimia 50 kwenye seli za mita 30, na grafu itaukataa ukanda wote. Dalili ni njia inayotembea sambamba na kijito kwa muda mrefu ikitafuta pa kuvukia, kisha inavuka hasa mahali miti ilipokatwa. Linganisha na picha ya setilaiti kabla ya kuamini kivuko hicho.

Kosa jingine nililifanya mwenyewe, na lilinipotezea siku mbili. Ili vijito vikae mahali sahihi nilikuwa nimevichimba kwenye rasta ya mwinuko kwa kina cha mita 10 na upana wa seli kadhaa, kama inavyofanywa mara nyingi kabla ya kuhesabu mtiririko wa maji. Nikasahau, nikaitumia rasta hiyohiyo kama `z`. Kila ukingo ukawa na poromoko la mita 10, hakuna hatua iliyoruhusiwa kuvuka, na njia ikaenda kuzunguka chanzo cha kijito, zaidi ya kilomita moja juu. Nilidhani ada ya kivuko ni kubwa mno, nikaipunguza mara tatu bila njia kusogea hata seli moja. Hapo ndipo nilipoelewa: ukibadilisha ada na kivuko kisibadilike, kizuizi hakiko kwenye ada. Rasta iliyochimbwa itumike kwa maji tu. Mpando upimwe kwenye ile ya asili.

Nani achague ipi

Anza na swali moja kwenye ramani ya mteremko: kati ya mwanzo na mwisho, ni wapi ardhi inazidi kikomo chako cha mpando? Kama hakuna, yaani ardhi yote iko chini ya asilimia 12, mwelekeo hauwezi kuvunja kikomo, na `r.cost` itakupa njia inayojengeka kwa kazi ya nusu saa. Huko kijito ndicho kinachoamua, kwa hiyo tumia muda wako kwenye ada za vivuko na upana wa vijito. Kuandika grafu kwa shamba la namna hiyo ni kujichosha bure.

Kama ardhi inazidi kikomo kwa vipande vichache ambavyo njia inaweza kuvikwepa, `r.cost` bado inafaa, mradi vipande hivyo uvifunge kwa `null()` badala ya kuvipa adhabu. Njia itakayotoka ni ya tahadhari kuliko inavyohitajika, kwa sababu inakataa hata kupita kwa kontua mahali ambapo gari lingepita salama. Ikiwa kwa kufunga hivyo hakuna njia inayofika, au inazunguka mno, hapo umeshavuka mpaka wa `r.cost`.

Na kama ghala liko juu ya mteremko unaozidi kikomo kila upande, kama hili letu, andika grafu. Weka kikomo cha mpando, hatua za kutosha kwa ukali wa kilima, na mwelekeo ndani ya nukta. Kisha pima urefu wa njia iliyotoka dhidi ya ile hesabu ya mwanzo, mita za kupanda kugawanya kwa kikomo. Ikiwa fupi kuliko hapo, kuna hatua imepenya mahali. Itafute kwa kuchora mpando wa kila hatua kwa rangi.

Shambani nenda na klinomita au fremu A ya kupimia mpando, anzia kwenye kona ya kurudi nyuma. Usianzie njia kuu. Kona ndiyo yenye uchaguzi mdogo kuliko yote: inataka sehemu ambapo kilima kimetulia kidogo, na sehemu hizo ni chache, ni ndogo, na kwenye rasta ya mita 10 mara nyingi hazionekani kabisa. Ukishaipata, piga kigingi, pima kwenda chini hadi kijitoni kwa asilimia 11, ukiacha moja ya akiba, na uone mstari unaangukia wapi kwenye ukingo. Ukiangukia kwenye ukingo mgumu wenye mkondo mwembamba, kivuko ni hapo, hata kama kompyuta ilikuonyesha mita 30 pembeni.